Baraza na marumaru za vyumbani, nyumba ya Kibada

Shikamoo Mama Neema. Habari za Mwanza, watoto hawajambo? Huku Kibada kazi inaenda vizuri. Plasta ya nje tumemaliza jana upande wa barabarani, na leo vijana wako choo cha masta wanapanga marumaru za ukutani. Picha nimeshakutumia, angalia hasa ile kona ya bomba uliyokuwa na wasiwasi nayo.

Voisi zako za Jumapili nimezisikiliza zote, ya baraza la mbele na ya marumaru kwenye vyumba vitatu vya kulala. Baraza nakuunga mkono kabisa. Pale mlangoni jua la jioni linapiga moja kwa moja, na mvua ikija na upepo ule mlango wa mninga utalowa kila siku. Ila kabla sijapeleka kijana na sururu, naomba tuelewane kwenye hela, tusije tukashangaana siku ya kukabidhiana.

Ile 6,800,000 tuliyosaini Machi ni ya ufundi wa plasta ndani na nje, sakafu, marumaru za sebuleni, jikoni na vyoo viwili, pamoja na rangi. Vyumba vya kulala tuliandika sakafu ya niru, na baraza halimo. Kwa hiyo haya mawili ni kazi ya ziada juu ya mkataba, nami vijana nawalipa kwa siku, siwezi kuyameza humo humo.

Marumaru ndiyo nyepesi. Vyumba vitatu vina jumla ya mita za mraba 40, na ufundi ni 7,000 kwa mita, inakuja 280,000. Lakini niru sitapiga tena, kwa hiyo natoa 40,000 iliyokuwa ya niru. Utaongeza 240,000.

Baraza lina mambo. Umesema mita 4 kwa 2 na nusu. Hapo kuna kuchimba msingi, zege la jamvi, nguzo mbili, linta ya kuziunganisha na nyumba, halafu kufungua bati za ukingoni ili paa la baraza liingie chini yake bila kuvuja. Hicho cha mwisho ndicho kinachokula muda, maana msauzi ukiukanyaga vibaya unabonyea na hauna dawa. Ufundi wake ni 650,000, kupaua na plasta ya nguzo vikiwemo. Vifaa utanunua mwenyewe kama tulivyozoea: saruji mifuko 20, nondo za milimita 12 vipande 6, na orodha ya mchanga, kokoto, mbao na bati nitakuandikia ukikubali.

Yote mawili ni 890,000. Dirisha la jikoni tulilosogeza mwezi uliopita sijaliweka humu wala sitalidai, lilikuwa jambo la nusu siku.

Sasa kuna suala la tarehe, na hili naona ni zito kuliko hela. Ulitaka kuhamia kabla shule hazijafunguliwa Julai, na mimi nilikuahidi tarehe 28 Juni. Marumaru hazigusi tarehe hiyo. Baraza linaigusa, kwa sababu mbao za chini ya linta sizitoi kabla ya siku 14, hata ukinisukuma. Tukianza wiki hii tutafika kama tarehe 12 Julai.

Ukitaka kuwahi, ningeshauri marumaru tufanye sasa, na baraza tujenge msingi na jamvi tu kwa 250,000, ambayo ni sehemu ya ile 650,000. Nguzo na paa vije baadaye mkiwa mmeshahamia, na hiyo 400,000 iliyobaki utalipa wakati huo. Hasara yake ni kwamba ukuta wa mbele utachafuka kidogo na itabidi turudishe rangi pale, ndoo moja ndogo hivi. Na kama mfuko haujakaa vizuri sasa hivi, tuyaache yote, namaliza tulichoandika kwa bei ile ile. Sitakasirika hata kidogo.

Ukishachagua niandikie hapa hapa kwa maandishi, niiambatanishe na mkataba, kila mtu abaki na nakala. Kwa baraza nitaomba nusu ya ufundi kabla ya kuchimba. Ya marumaru utalipa pamoja na ile 2,040,000 ya mwisho, haina haraka.

Naomba jibu la marumaru kabla ya Alhamisi, maana Ijumaa ndiyo tulipanga kupiga niru chumba cha kwanza. Ukipenda tuongee, nipigie baada ya saa 12 jioni, mchana huku mashine ya kukatia marumaru haituachi kusikilizana.

Wasalimie nyumbani.

Fundi Athumani