Andalio la Somo: Methali katika Mazungumzo, Darasa la Sita

Somo: Kiswahili
Mahali: Shule ya msingi, Wilaya ya Muheza, Mkoa wa Tanga
Tarehe: Jumatano, 14 Mei 2025
Muda: Saa 2:00 hadi 3:20 asubuhi (kipindi pacha, dakika 80)
Wanafunzi: 48 (wasichana 25, wavulana 23)
Mada ndogo: Maana na matumizi ya methali

Lengo mahsusi
Kufikia mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kueleza kwa maneno yake maana ya methali zisizopungua 3 kati ya 8 zilizofundishwa. Akiwa na mwenzake, aandike mazungumzo ya kauli 6 hadi 8 ambamo methali moja inatumika mahali pake.

Methali za leo
Haba na haba hujaza kibaba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Haraka haraka haina baraka. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Zimechaguliwa kwa sababu mtoto wa miaka 12 anaweza kupata hali ya kuzitumia nyumbani, sokoni au uwanjani. Methali kama "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani" imeachwa kwa makusudi: inadai kueleza sehemu tatu za chombo cha baharini kwanza, na dakika 15 zitaishia hapo.

Zana
Bahasha 8, kila moja na vipande 16 vya karatasi ngumu (methali 8 zilizokatwa katikati). Kopo dogo, gazeti la kutandika mezani na mahindi kiasi cha kulijaza. Bango lenye mazungumzo ya mfano, limeandikwa jana yake kwa kalamu nene ili wa nyuma wasome.

Utangulizi (dakika 10)
Makundi 8 ya wanafunzi 6. Kila kundi lioanishe vipande vyake kwa dakika 4, kisha makundi mawili yasome majibu yao. Kosa litakalojitokeza ni kuunganisha "Haraka haraka" na "huumiza matumbo". Usilisahihishe papo hapo. Liandike pembeni mwa ubao, litahitajika baadaye.

Maana (dakika 25)
Andika maswali matatu ubaoni, yabaki hapo hadi mwisho: Maneno yenyewe yanachora picha gani? Picha hiyo inatufundisha nini kuhusu watu? Nani humwambia nani, na wakati gani?

Anza wewe na "Haba na haba". Tia mahindi kwenye kopo punje chache chache huku darasa likitazama, kisha eleza kwamba kibaba ni kipimo cha nafaka na vibaba vinne hufanya pishi moja. Usiliruke neno hili, maana wako wanaodhani kibaba ni baba mdogo. Vivyo hivyo "guu" ni mguu mkubwa, na "ufa" ni mpasuko ukutani.

Kisha kila kundi lishughulikie methali moja kwa dakika 7 na kueleza kwa dakika moja. "Haba na haba" nayo ipewe kundi, litafute hali mpya isiyohusu nafaka. Hapa ndipo penye tatizo kubwa la somo zima: mwanafunzi hurudia methali kwa maneno yaleyale. Akisema "maana yake ni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta wote", bado hajaeleza. Mrudishe kwenye swali la pili: hakuna nyumba wala udongo hapa, sema jambo lenyewe. Jibu linalokubalika ni kama "tatizo dogo lisiposhughulikiwa mapema hukua na kugharimu zaidi".

"Mgeni siku mbili" huchukuliwa kuwa ruhusa ya kumfukuza mgeni. Waulize: anayepewa jembe anahesabiwa mgeni au mwenyeji? Watafika wenyewe kwamba akikaa, ashiriki kazi za nyumba.

Sasa rudi kwenye kosa la pembeni mwa ubao. "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo" zinapingana, na mwanafunzi makini atauliza ipi ni ya kweli. Swali hilo lipewe nafasi hata likila dakika 5 za hatua hii. Toa hali mbili: mtoto anayetaka kuvuka barabara bila kutazama, na mtoto mwenye kidonda kinachotoa usaha ambaye kila siku anasema ataenda zahanati kesho. Wachague methali ya kila hali na watetee uchaguzi wao. Akielewa hapa kwamba methali hupimwa kwa hali inayosemwa, hatua inayofuata itakuwa nyepesi.

Mazungumzo ya mfano (dakika 10)
Bandika bango, wanafunzi wawili wasome kwa sauti.

MAMA: Neema, sare yako imefumuka kwapani tangu Jumatatu.
NEEMA: Ni kidogo tu, mama. Hata haionekani.
MAMA: Leo haionekani. Na ukinyoosha mkono kujibu swali darasani?
NEEMA: Nitashona Jumamosi.
MAMA: Usipoziba ufa utajenga ukuta, mwanangu. Sare mpya hatuna fedha yake.
NEEMA: (Anavuta mkebe wa uzi.) Basi nipe sindano nishone sasa hivi.

Uliza: Neema alikuwa na msimamo gani kabla ya methali, na gani baada yake? Ziba kauli yenye methali kwa karatasi, wasome tena. Mabadiliko ya Neema yanakosa sababu. Hiki ndicho kipimo cha kazi yao: methali ikiondolewa na mazungumzo yakabaki mazima, basi ilibandikwa tu.

Onyesha pia mpangilio: jina la msemaji, koloni, kauli bila alama za kunukuu, na vitendo ndani ya mabano.

Kuandika (dakika 20)
Jozi 24. Kila jozi ichague methali moja, lakini isiwe ya mama na Neema. Kabla ya kuandika, jozi itaje nani wanazungumza, wapi, na wanabishania nini. Jozi isiyo na ubishi wala uamuzi itaandika salamu hadi mstari wa sita, kisha methali itaingia kwa nguvu. Ukikuta hivyo, waambie wafute salamu zote na waanzie kwenye tatizo.

Zuia mambo mawili. La kwanza, "Wahenga walisema" katika kila daftari. Mama jikoni hutamka methali moja kwa moja. La pili, kubadili maneno ya methali. Nusu ya methali inaruhusiwa, mradi msikilizaji aijue iliyobaki: "Haraka haraka, mwanangu..." inatosha.

Mwanafunzi mwenye usikivu hafifu aketi mstari wa mbele na apewe nakala ya bango. Wanaoandika polepole waandike kauli 4.

Kuigiza (dakika 10)
Jozi 4 tu. Chagua ulizopitia wakati wa kuandika, mojawapo iwe na methali isiyokaa vizuri ili darasa lijaribu kuirekebisha kwa kipimo cha karatasi. Muda ukibana, punguza hapa, usipunguze kwenye kuandika.

Kufunga na kazi ya nyumbani (dakika 5)
Soma hali tatu fupi, wanafunzi waandike methali inayofaa bila kutazama ubao. Nyumbani, kila mmoja amuulize mtu mzima methali moja ambayo haikutajwa leo, na aandike ilisemwa lini na kwa nani.

Kusahihisha mazungumzo (alama 10)
Hali inaafiki maana ya methali: 4. Methali inabadili jambo katika mazungumzo: 3. Methali imeandikwa bila kuharibiwa: 1. Koloni, mabano na tahajia: 2. Jozi iliyokosa alama 4 za kwanza isipewe zile 3 za pili, hata kama mazungumzo yanachekesha. Wapewe methali ileile waandike upya Ijumaa.