Fada, naomba tasnifu ibaki na hoja moja tu

Moshi, Jumapili jioni

Tumsifu Yesu Kristo Fada, na shikamoo. Natumaini ulifika salama Arusha na lile kohozi limepungua. Mi niko tu huku Pasua, shule zimefunga kwa hiyo sina madaftari ya kusahihisha, nimetandaza makaratasi mezani mpaka wenzangu ndani wanakula wameshika sahani mkononi.

Nimeona niandike kabisa maana kwenye simu nikianza kuelezea naruka ruka, afu wewe unauliza swali moja tu naishiwa maneno. Ombi ni hili: tasnifu iache kuwa ya utashi huru kwa ujumla, ibaki na hoja moja, ile hoja ya matokeo ya Peter van Inwagen, inayosema kama ditaminizimu ni kweli, yaani zamani na sheria za asili zinaamua kila kinachotokea, basi hatuna utashi huru. Zile sura nyingine nne ziondoke. Najua propozo ilishapita na sura sita na kamati ilizipenda, ila wewe mwenyewe uliandika pembeni ya drafti yangu kwa kalamu nyekundu "hii ni tasnifu au silabasi?" na tangu siku hiyo nikiifungua naona silabasi kweli. Maneno 25,000 ukiyagawa kwa sura sita kila mtu anapata salamu tu, hakuna anayehojiwa.

Lakini sababu ya urefu peke yake isingenifanya nikusumbue Jumapili. Shida kubwa ni kwamba hizi sura hazijibu swali moja, zinafanana tu jina.

Chukua mfano wa mwanafalsafa Frankfurt wa 1969. Jamaa anataka mwenzake afanye jambo fulani, amejificha tayari kumwingilia akionyesha dalili ya kugoma, lakini mwenzake analifanya mwenyewe kwa hiari yake, yule aliyejificha hata hakunyanyua kidole. Frankfurt anasema huyu analaumika ingawa asingeweza kufanya vingine. Sawa, tuseme ameshinda. Alichoshinda ni kwamba lawama haihitaji njia ya pili. Van Inwagen yeye anauliza kama hiyo njia ya pili ipo kabisa, na hilo Frankfurt hajaligusa. Nikiwaweka hao wawili sura zinazofuatana msomaji atadhani wanabishana, kumbe kila mmoja yuko kwenye kikao chake.

Libet, yule mtafiti wa ubongo, ndo sura ambayo kila mtu kwenye semina anaiulizia, kwa hiyo kuitoa kunauma. 1983 yeye na wenzake waliwaambia watu wakunje mkono muda wowote wakijisikia huku wanaangalia nukta inayozunguka kama saa, wakakuta ubongo unaanza kujiandaa kama nusu sekunde kabla, wakati mtu mwenyewe anasema hamu ya kukunja aliihisi kama milisekunde 200 kabla. Inavutia kuisimulia, nakiri wanafunzi wangu wa fomu six walinyamaza kimya nilivyowaambia. Ila inahusu fahamu inafika saa ngapi. Haisemi kama zamani na sheria za asili zikijumlishwa zinabakiza nafasi ya kitu kingine, na mimi si mtu wa kusoma mawimbi ya ubongo, nitabaki kunukuu wanaoyasoma.

Sasa ile ya Boethius, hapa naenda taratibu maana najua ni kipenzi chako. Mungu anajua tangu jana nitakachofanya kesho, jana haibadiliki, kwa hiyo kesho haibadiliki: umbo lake na la van Inwagen ni ndugu kabisa, na Nelson Pike 1965 aliliweka vizuri sana. Ndo maana nilitamani kuviweka pamoja. Lakini angalia majibu yake. Boethius anajibu kwamba Mungu hayuko ndani ya wakati, anaona yote kwa mara moja, hiyo "jana" haimhusu. Jibu zuri, ila huwezi kulipeleka kwa sheria za asili, huwezi kusema fizikia iko nje ya wakati halafu ukaenda kulala. Majibu hayahamishiki, kwa hiyo kuviweka pamoja ningekuwa nafananisha maswali tu. Naomba ibaki tanbihi moja ndefu, nakuahidi itakuwa ndefu kweli.

Na ile sura ya Waakan wa Ghana, ya wanafalsafa Gyekye na Wiredu. Hii naitoa kwa moyo mzito maana ndo ilikuwa inaifanya tasnifu isionekane imetoka Ulaya na Amerika nzima nzima. Lakini wale wanajadili mtu anavyopewa majaliwa yake na Mungu kabla hajazaliwa, na kama yanaweza kubadilishwa. Hata kwetu msibani mtu akisema "siku yake ilifika" anamaanisha ingefika tu, angepanda bodaboda au angebaki kitandani. Ditaminizimu haisemi hivyo, yenyewe inapita ndani ya uamuzi wako, ungeamua vingine mambo yangekuwa vingine, ila kuamua vingine ndo kunakobishaniwa. Waakan wanastahili tasnifu yao wenyewe, si kurasa kumi na mbili za kupamba ya kwangu.

Basi kilichobaki. Hoja yenyewe unaijua: kama ditaminizimu ni kweli, matendo yetu ni matokeo ya sheria za asili na mambo ya zamani sana, yale ya zamani hatuna la kufanya, sheria nazo hatuna la kufanya, kwa hiyo na matokeo yake hatuna la kufanya. Ukiisikia mara ya kwanza unaona hamna pa kuipenyea. Mzigo wote umebebwa na kanuni aliyoiita Beta, ambayo ukisoma N kama "ni kweli, na hakuna mtu ana la kufanya juu yake" inakuwa hivi:

```
Np, N(p → q) ⊢ Nq
```

1996 McKay na Johnson wakaja na mfano wa sarafu wa kuipinga. Nimeijaribu hapa mezani na shilingi 200, upande mmoja Karume, mwingine simba. Sijairusha. Ningeweza kuirusha, mkono ninao. Sasa: ni kweli kwamba haijaangukia Karume, na sina la kufanya juu ya hilo, maana hata nikirusha siwezi kuifanya iangukie Karume. Ni kweli pia kwamba haijaangukia simba, na hapo nako sina la kufanya kwa sababu ile ile. Unganisha viwili: haijaangukia Karume wala simba. Hii nina la kufanya bwana, nairusha tu! (Tusihesabu kusimama kwa ubavu.) Kwa hiyo huwezi kuunganisha "sina la kufanya" mbili ukapata ya tatu, na wale jamaa walionyesha kwamba Beta, pamoja na kanuni yake ndogo ya Alfa, kwamba jambo la lazima hakuna mtu ana la kufanya juu yake, inaruhusu huo muungano. Beta imeanguka kwa sarafu isiyofika hata jero.

Van Inwagen mwenyewe 2000 alikubali, kitu ambacho kwa kweli nilimpendea. Akatengeneza upya maana ya N: jambo ni N kama ni kweli na lingebaki kweli vyovyote ambavyo mtu yeyote angeweza kufanya. Kwa maana hiyo sarafu haisumbui tena, kwa sababu ningerusha ingewezekana iangukie Karume, kwa hiyo "haijaangukia Karume" haikuwa N tangu mwanzo. Watu wengi naona wanaishia hapa, kanuni imepona, tuendelee.

Mimi nasema hapo ndo tasnifu inapoanzia. Maana David Lewis alikuwa ameshaweka mtego wake tangu 1981. Jana saa nne nilikaa nyumbani sikwenda stendi. Ningeenda, na ditaminizimu ikawa kweli, na zamani ikabaki ile ile, basi sheria fulani ya asili ingekuwa imevunjika mahali, kidogo tu, muda mfupi kabla sijanyanyuka. Lewis anasema sawa, naweza kufanya kitu ambacho nikikifanya sheria ingekuwa imevunjika. Sijasema miguu yangu ndo ingeivunja, hilo ni dai kubwa na ni la kichaa. Hayo madai mawili ayatenganishe mtu vizuri.

Sasa yaweke pamoja Fada. Ukisoma N kwa maana mpya, "ingebaki kweli vyovyote ningefanya", kanuni inapona lakini Lewis anapita mlangoni anasema sheria zenyewe si N, premisi ya pili inayumba. Ukisoma N kwa maana ngumu, "hakuna anayeweza kuisababisha iwe uongo", premisi ya sheria inasimama imara, nani atabisha, lakini sarafu inarudi pale pale kwa sababu siwezi kuisababisha iangukie Karume, na kanuni inakufa tena. Kwa hiyo matengenezo yaliyoiponya kanuni ndiyo yanayomfungulia Lewis. Hilo ndo dai langu, moja, na nataka nilisimamie kurasa zote. Van Inwagen atasema uwezo wa namna ya Lewis hauaminiki, na anaweza kuwa sahihi, lakini akisema hivyo ubishi umetoka kwenye mantiki umehamia kwenye nini maana ya kuweza, na ile nguvu ya hoja ilikuwa ni kwamba haikuhitaji kwenda huko.

Najua utaniuliza nani nje ya chumba cha semina anajali Beta. Mtahini wa nje anaweza kusema ni zoezi la mantiki limevaa joho. Jibu langu ni kwamba kila mtu anayesema ditaminizimu inafuta utashi huru, akichokonolewa mara mbili anaegemea kitu chenye umbo hili, kwa hiyo kama lina ufa, ni wa wote. Na nikikosea, nitakosea mahali panapoonekana, utaweza kunyoosha kidole kwenye mstari. Kwenye drafti ya sura sita hata kukosea kwenyewe hakueleweki kuko wapi.

Mpango ni sura nne: hoja na kanuni zake, sarafu, matengenezo ya 2000, halafu Lewis na hilo dai langu. Sura ya sarafu nimeshaiandika karibu yote, nitaituma na hii barua.

Kubadilisha kichwa cha tasnifu kunataka fomu yenye saini yako kabla haijaenda ofisi ya uzamili, na nasikia wanakaa mwisho wa mwezi. Nitapanda Kosta ya asubuhi Alhamisi, saa tano niko Arusha, kama una kipindi nitasubiri nje ofisini kwako. Kama hukubaliani niambie kabla ya Jumatano Fada, ili nije na zile sura sita badala ya fomu.

Mwanafunzi wako,
Anjela