Saiti ya mteja ikikataa kufunguka: mwongozo wa kaunta

Saiba ya Katuba, Lubumbashi. Kwa wote wa kaunta, zamu ya asubuhi na ya jioni.

Mteja akifika na kusema "saiti yangu imekufa", usimfungulie ukurasa wa kulipia kitu chochote. Kwanza tujue imefia wapi. Mwaka jana mzee mmoja mwenye kenkayeri katika komine ya Kenya alikaa hapa kwenye mashine namba 2, nikamsaidia mwenyewe kulipia hostingi ya mwaka mzima. Saiti haikufunguka. Hostingi yake haikuwa na deni lolote. Kilichokuwa kimeisha ni jina. Alinitazama, akasema tu: "Mwanangu, umenilipisha nyumba, kumbe kibao ndicho kimeng'olewa."

Vitu ni vitatu, na kila kimoja kinaweza kuwa na kampuni yake, bili yake na tarehe yake ya kuisha.

Jina, yaani domeni, hukodiwa kwa msajili kwa miaka, kuanzia 1 hadi 10 kwa majina ya `.com`. Hakuna anayelinunua likawa lake milele, hata kama risiti imeandikwa hivyo. Msajili naye huliandikisha kwenye daftari kuu: la `.com` linashikwa na Verisign, na `.cd` ni ya nchi yetu, iliyochukua nafasi ya `.zr` ya enzi za Zaire.

Seva za majina ni kama wale vijana wa kona. Mgeni akiuliza kwa mama wa vitenge ni wapi, wao ndio wanaojibu ni avenyu gani, namba ngapi. Daftari kuu halijui duka liko wapi. Linajua tu ni vijana gani waulizwe.

Hostingi ni chumba chenyewe: kompyuta iliyo mbali, inayowaka usiku na mchana, yenye picha na maandishi ya saiti.

Wateja wengi walichukua vyote kwa kampuni moja, siku moja, kwa fakitire moja, ndiyo maana wanaviita kitu kimoja. Lakini hata hapo tarehe zinaweza kupishana: jina lililipiwa miaka 2, hostingi mwaka 1. Na kuna fundo ambalo watu hawalioni: mara nyingi seva za majina ni za kampuni ya hostingi. Hostingi ikifutwa, wale vijana wa kona nao wanaondoka. Jina limelipiwa vizuri, lakini hakuna wa kulijibia, na skrini inaonyesha kosa linalofanana na la jina lililokufa. Hapo ndipo tunapokosea sana.

Anza na simu ya mteja

Mwambie azime waifai, afungue saiti kwa megabaiti zake. Ikifunguka kwenye simu na hapa haifunguki, tatizo ni letu, wala usimtoze. Angalia saa ya mashine. Mashine namba 4 betri yake ndogo ya ndani imekufa. Umeme ukikatika inarudi miaka nyuma, halafu kila saiti inaleta `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`. Rekebisha tarehe, uone. Saa ikiwa sawa, safisha majibu ya zamani:

```
ipconfig /flushdns
```

Ikigoma kotekote, soma maneno ya skrini. Usikubali "inaandika kosa". Kosa gani?

`DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN` maana yake jina halikupatikana. Shida iko kwenye jina au seva za majina. Chumba bado hatujakifikia.

Ukurasa wa matangazo ambao mteja haujui, au unaosema jina linauzwa: karibu kila mara jina limepita tarehe na msajili ameligeuzia kwenye ukurasa wake.

`ERR_CONNECTION_TIMED_OUT`: jina limepatikana, tumeelekezwa, tumebisha hodi, kimya. Ama seva ya hostingi imelala, ama vijana wa kona wanataja anwani ya zamani. Ukiona `Account Suspended`, `508` au `Error establishing a database connection`, hodi imeitikiwa, kwa hiyo jina ni zima na seva za majina ni nzima. Usiziguse. Mteja aandikie hostingi. Kosa la cheti ambalo linatokea hata kwenye simu nalo ni la hostingi kwa kawaida. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt huisha baada ya siku 90, na kama mtambo wa kuvihuisha umekwama, ndivyo inavyokuwa.

Kuuliza wenyewe

Fungua dirisha jeusi la amri. Mfano wetu ni mama wa vitenge, `kitengechakatuba.com`:

```
nslookup -type=ns kitengechakatuba.com 8.8.8.8
nslookup kitengechakatuba.com 8.8.8.8
```

Amri ya kwanza inauliza: vijana wa kona ni nani? Ya pili: wanataja anwani gani? Ile `8.8.8.8` ni seva ya Google. Tunaiweka ili tusitegemee jibu la mtandao wetu wa hapa, ambao wakati mwingine unang'ang'ania jibu la juzi.

Jibu likiwa `Non-existent domain`, nenda ukaangalie usajili. Likiwa `Server failed`, kwa kawaida seva za majina zimeandikwa lakini hazilijibii jina hilo: muulize mteja kama alihama hostingi au aliacha kulipa. Ukipata anwani ya namba, ilinganishe na ile iliyo kwenye barua ya hostingi. Zikitofautiana, umepata ugonjwa.

Kusoma usajili

Kwa `.com`, `.net` na `.org`, fungua `lookup.icann.org`, andika jina. Tazama tarehe ya kuisha, hadhi, na seva za majina. Tarehe itakudanganya usipoangalia: `.com` ikifika mwisho, daftari kuu huisogeza mbele mwaka mmoja lenyewe, hata kama mteja hajalipa senti. Kwa hiyo tarehe ya mwakani haimaanishi amelipa. Soma hadhi.

`clientTransferProhibited` isikutishe. Ni kufuli la kawaida la kuzuia jina lisihamishwe kwa wizi.

`autoRenewPeriod`: tarehe imepita hivi karibuni, na msajili bado anaweza kupokea malipo, mara nyingi kwa bei ya kawaida. Mteja alipe leo, asisubiri Jumatatu.

`clientHold`: msajili amelizuia jina. Inaweza kuwa deni, lakini inaweza pia kuwa imeli ya uthibitisho ambayo haikubonyezwa. Mtu akisajili jina jipya au kubadili mawasiliano yake kwa msajili, hupewa siku 15 kuthibitisha. Nimeona mteja anataka kulipa tena kumbe dawa ilikuwa kubonyeza mara moja.

`redemptionPeriod`: jina limefutwa, lakini mwenyewe ana siku 30 za kulikomboa, na ukombozi una ada yake juu ya bei ya mwaka. Mwambie bei kabla hajatoa pesa. `pendingDelete`: siku 5 za mwisho. Hapo hakuna wa kumlipa. Linaachiwa, na yeyote anaweza kulichukua. Akikuambia kuna mtu wa imeli aliyemwahidi kulirudisha kwa dola 100, mwambie hapana.

Muda huo wote ni wa `.com` na wenzake. `.cd` ina taratibu zake. Hapo mteja aongee na msajili wake.

Akaunti ni ya nani?

Hili ndilo swali linalochukua saa nzima. Saiti nyingi za hapa zilitengenezwa na mpwa, na mpwa alisajili kwa imeli yake. Leo yuko Kolwezi au kavuka Kasumbalesa, simu imebadilika. Tafuta kwenye imeli ya mteja neno `domain` au `invoice`. Huko ndiko jina la msajili linakopatikana. Kuna mtego mwingine: akaunti ya msajili imefunguliwa kwa imeli ya jina lilelile, kama `info@kitengechakatuba.com`. Jina likifa, imeli nayo imekufa, na barua ya kubadili neno la siri haifiki popote. Hapo njia ni kumwandikia msajili na kutuma kitambulisho. Mteja wa namna hiyo akisharudishiwa jina, muwekee imeli nyingine kabla hajainuka kwenye kiti.

Malipo yafanyike kwa msajili aliyeandikwa kwenye usajili, si kwa kiungo kilichokuja kwenye imeli inayotisha. Tumia dirisha la faragha la brauza. Usihifadhi kadi ya mteja wala neno lake la siri, hata akikuomba.

Seva za majina haziguswi kwa kubahatisha

Ukibadili seva za majina, umebadili vijana wote wa kona kwa mpigo. Wapya hawajui chochote ambacho hawajaambiwa. Walioondoka walikuwa wanajua pia imeli za duka zinapelekwa wapi, kwenye mstari wa `MX`. Nilimfanyia hivyo mteja mmoja wa kliniki: saiti ilirudi, imeli zikakatika siku mbili, na hakunisalimia mpaka leo.

Kama mteja amehama hostingi tu, na seva za majina bado zinajibu, badilisha mstari wa `A` peke yake, uweke anwani mpya. Kama ni lazima kubadili seva zenyewe, piga picha mistari yote ya zamani kwanza, iandikwe upya kule kunakohamiwa, ndipo ubadilishe. Kisha subiri. Jibu la `.com` kuhusu seva za majina linaruhusiwa kukaa kwenye kumbukumbu za mitandao sekunde 172800, yaani saa 48. Wa zamu ya jioni asije akabadilisha tena kwa sababu "bado haifunguki".

Uchunguzi ni faranka 5000, hata kama jibu ni kwamba aende akaandikie hostingi. Kila kesi iandikwe kwenye daftari la bluu ili wa zamu inayofuata asianze upya. Iwe hivi:

*Jumanne, saa 4 asubuhi. kitengechakatuba.com. Kwenye simu pia haifunguki. Skrini:* `DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN`. *Hadhi:* `clientHold`. *Tarehe ya kuisha bado miezi saba, na fakitire ya mama inathibitisha. Alibadili namba ya simu kwa msajili mwezi uliopita, hakubonyeza uthibitisho. Akaunti ni ya mpwa wake aliye Kolwezi. Amepigiwa, atafungua imeli mchana. Hakuna kilicholipwa. Seva za majina hazikuguswa. Mama atapita saa 11 jioni kuangalia.*