Andalio la Somo: Sehemu za Kikundi kwa Vizibo vya Soda

Gredi ya 3, Hisabati. Wanafunzi 32. Dakika 30. Malindi.

Matokeo yanayotarajiwa: Mwanafunzi aweze kutafuta 1/2, 1/4 na 1/8 ya vitu visivyozidi 24, na aeleze kwa mdomo alivyopata.

Vifaa: Makundi 8 ya watoto wanne, kila kundi lipate kopo lenye vizibo 24 na kipande cha chaki. Jumla ni vizibo 192, na 8 vya akiba kwa sababu vitapotea. Vioshwe kwa sabuni na vianikwe. Vyenye kutu au ukingo uliopinda vitupwe, hukata vidole. Changanya vya bati na vya plastiki makusudi: mtoto atabisha kwamba kikubwa kihesabiwe viwili, na hapo ndipo pa kumwonyesha kuwa tunahesabu idadi, si ukubwa.

Utangulizi (dakika 4): "Kuna mahamri 12 sahanini. Nyinyi wawili mgawane sawa. Kila mmoja apata mangapi?" Andika ubaoni: 1/2 ya 12 ni 6.

Kazi ya makundi (dakika 16): Makopo yasigawiwe kabla ya maelekezo kwisha, la sivyo utasikia kelele za bati tu.

Kila kundi litoe vizibo 12 na kuchora duara 4 sakafuni. Waweke kimoja kimoja kwa zamu, duara hadi duara, mpaka viishe. Wasikisie wala kumwaga fungu. Uliza: "Duara moja lina vingapi?" Vitatu. 1/4 ya 12 ni 3.

Kisha vizibo vyote 24, duara 8. 1/8 ya 24 ni 3. Hapa simama kidogo. Mbona robo ilitoa 3 na thumuni pia 3? Waache wabishane kabla ya kuwajibu: mara ya pili vizibo vilikuwa vingi zaidi. Ili walinganishe, watafute robo ya 24 hiyohiyo, watapata 6.

Makosa ya kutarajia: Kubwa ni kudhani 1/4 maana yake vitu vinne. Kwa hiyo usianze na vizibo 16: robo yake ni 4, na aliyekosea atapata jibu sahihi bila wewe kujua. Wengine husema 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa kuwa 8 yazidi 4. Wapange duara 4 na duara 8 za vizibo 24 kwa zamu, waone fungu likipungua. Wapo pia wanaohesabu duara badala ya vizibo vilivyomo. Mwambie mtoto aguse kila kizibo akihesabu.

Tathmini (dakika 7, daftarini, bila vizibo mezani): 1/2 ya 20, 1/4 ya 20, 1/8 ya 16. Majibu: 10, 5, 2. Aliyeandika 4 kwa swali la pili au 8 kwa la tatu arudi kwenye duara na vizibo 8 kesho, akianza na nusu.

Dakika 3 za mwisho: Kila kundi lihesabu vizibo 24 na kuvirudisha koponi.