Kufuatilia usaili wa Jumanne: nafasi ya afisa oparesheni, safari za mlima

Habari za kazi dada Upendo,

Ni Elibariki, yule wa Moshi uliyemsaili Jumanne ya wiki iliyopita pale ofisini Njiro, saa nne asubuhi. Nakuandikia huku kwa sababu ulisema barua pepe zako zinajaa na kwamba huku unaona ujumbe mapema zaidi.

Kwanza asante. Nimeshakaa kwenye usaili kadhaa, na huu ndio wa kwanza nilioulizwa kazi yenyewe inavyofanyika badala ya kuulizwa najiona wapi miaka mitano ijayo.

Pili, kuna jibu nataka kulirekebisha. Mzee wa oparesheni alinipa karatasi ya zoezi: wageni wanne, Machame siku 7, nipige tozo za hifadhi za wageni peke yao, vijana wa mlimani wakae pembeni. Viwango vilikuwa vimeandikwa juu ya karatasi: dola 70 kwa siku, dola 50 kwa usiku kwa kambi, dola 20 ya uokoaji kwa safari nzima, vyote kabla ya VAT. Nikampa dola 3,240. Akaitikia tu "sawa", akaipindua karatasi, tukaendelea na mambo mengine.

Ile "sawa" yake haikunikaa vizuri. Nimepanda kosta ya kurudi Moshi, tunafika Maji ya Chai, nikatoa kalamu nikapiga upya nyuma ya tiketi. Siku 7 kwa 70 ni 490, usiku 6 kwa 50 ni 300, uokoaji 20, jumla 810 kwa mgeni. Mpaka hapo nilikuwa sahihi. Ila maneno "kabla ya VAT" niliyasoma kwa macho tu. Ukiweka asilimia 18 inakuwa dola 955.80 kwa mgeni, na kwa wanne 3,823.20. Nilipungukiwa dola 583.20 kwenye kundi moja dogo, na mgeni akishatumiwa bei huwezi kumrudia kumwambia ulisahau kodi. Kampuni ndiyo inayolipa. Naomba umfikishie mzee hesabu hii pamoja na shikamoo yangu. Najua pengine aliliona kosa palepale.

Jambo jingine ni lile swali lako la kwa nini niliondoka nilikokuwa. Nilikujibu "natafuta changamoto mpya", na nilikuona unaandika bila hata kuinua macho. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa napanga vijana, na malipo yao yalikuwa yanachelewa wiki tatu, nne, wakati mwingine mpaka kundi jingine lipande. Mpagazi ameshuka Mweka leo, kesho anataka kununua unga, na namba aliyonayo ni yangu, si ya bosi. Nilifikia hatua ya kuogopa kupita stendi. Sikutaka kulisema hilo mbele ya watu watatu nisionekane mtu wa kulalamika, ila bora ulijue, maana ndiyo sababu nilikuuliza ninyi mnawalipa vijana siku ngapi baada ya kushuka. Uliposema mnalipa ndani ya siku mbili, ndipo kazi hii niliitaka hasa.

Vyeti na majina ya wadhamini wawili nilivituma kwa barua pepe Jumatano asubuhi. Kama havijaonekana niambie, nitavituma tena hapa hapa. Mmoja wa wadhamini ni kiongozi wa mlima, kwa hiyo akiwa juu simu yake haipatikani. Akikosekana leo, mjaribu baada ya siku mbili tatu.

Kuhusu kuanza: sehemu ninayojishikiza sasa nina mkataba wa mwezi kwa mwezi, kwa hiyo natakiwa kutoa notisi ya siku 28. Nikipata jibu wiki hii nitakuwa nimeshakaa kitini kabla msimu wa Juni haujachanganya. Kuhamia Arusha si tatizo, nina ndugu Tengeru wa kunipokea mwezi wa kwanza. Mshahara tuliouzungumza bado ni uleule.

Ulisema majibu yangetoka Ijumaa, na leo ni Jumatano. Naelewa mambo huchelewa, hasa sahihi zikiwa kwa watu wawili. Ninachoomba ni kujua tu tumefikia wapi: bado mnasaili wengine, au kuna kitu mnakisubiri kutoka kwangu? Hata kama nafasi imepata mtu, niambie dada, sitachukia. Kuna watu wengine wanaotaka jibu langu kufikia Jumatatu, na nisingependa kuwajibu kabla sijasikia kutoka kwako.

Simu ni ileile iliyo kwenye wasifu, iko wazi muda wote isipokuwa saa tatu mpaka saa tano asubuhi, nakuwa getini na wageni.

Siku njema dada.

Elibariki