Ujumbe wa Baraka kwa Mama Upendo, Siku ya Kufungua Duka

Mama Upendo, dada yetu katika Kristo,

Bwana Yesu asifiwe.

Jumuiya imenituma nikuandikie, na maneno haya nitayasoma Jumamosi asubuhi mlangoni pa duka lako hapa Kihonda, kabla hujauza hata kiberiti. Mchungaji atakuja kuomba na kubariki. Mimi kama mzee wa kanisa nimepewa kusema yaliyomo mioyoni mwa wenzako.

Kwanza, hongera sana. Sisi tuliokuwa tukinunua maandazi yako alfajiri pale kituoni tunajua pango la fremu hii limetoka wapi: limetoka kwenye karai la mafuta na usingizi uliokatizwa. Leseni ya manispaa umekata, TRA umejiandikisha, mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo. Hukutaka kuanza kwa kujificha, na hilo limetufurahisha kuliko rangi mpya ya ukutani.

Juzi jioni nilipita nikakukuta unapanga mzigo. Viroba vya mchele na sembe umeviweka juu ya mbao visishike unyevu wa sakafu. Sabuni za mche na mafuta ya taa umevitenga kona ya mbali, unga usije ukashika harufu. Nilisimama pale nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Mwenye duka anayefanya hivyo ameshamfikiria mtoto wa jirani atakayekula ugali ule, na kwangu hiyo ni ibada tayari.

Dada yetu, kuna jambo sitalifanya Jumamosi, nawe usinielewe vibaya. Sitakutabiria utajiri. Sitasema kwamba mwaka huu hautaisha kabla hujafungua duka la pili, wala kwamba sadaka yako itakurudia mara mia kwenye droo ya pesa. Sina neno hilo kutoka kwa Mungu, na kukupa neno ambalo sikupewa ni kukuuzia kitu kisichokuwepo. Kihonda ina maduka mengi. Bei ya sukari hupanda bila kumwuliza mtu. Zipo siku utakaa tangu asubuhi hadi jioni ukauza chumvi na vocha tu. Siku ya namna hiyo ikifika, usiseme Mungu amekuacha, wala usianze kupekua dhambi gani imekuletea hasara. Biashara ina siku ngumu, hata kwa wanaoomba.

Katika Matendo ya Mitume tunakutana na Lidia wa Thiatira, mwenye kuuza rangi ya zambarau, aliyekuwa Filipi. Tunaambiwa Bwana aliufungua moyo wake, akabatizwa yeye na nyumba yake, kisha akawasihi Paulo na wenzake waingie kwake wakae. Faida yake ilikuwa kiasi gani, Maandiko hayakutuambia. Tunamkumbuka kwa moyo uliofunguka na nyumba iliyopokea watu. Sisi nasi tunakuombea hayo kwanza.

Tunaibariki mizani yako. Torati inakataza mtu kuwa mfukoni na mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo, na nabii Amosi aliwakemea waliopunguza kipimo huku wakiongeza bei. Mtoto akitumwa robo ya maharage, apate robo kamili, hata kama hajui kusoma mizani. Chenji yake mhesabie mkononi. Mtu wa imani nyingine, mlevi, mgeni asiyejua bei za hapa, wote wapimiwe sawasawa na mchungaji.

Watakuja pia watu wa kukutia hofu. Watakwambia mauzo yamepungua kwa sababu ya chuma ulete, kwamba noti fulani imetumwa ikazivute nyingine. Wengine watakuletea chumvi na mafuta ya upako ya kunyunyiza mlangoni ili wateja wavutike, na watadai pesa. Usiwape hata senti. Pesa ikipungua, fungua daftari kwanza: umekopesha nani, nini kimeharibika, nyumbani mmechukua nini bila kuandika. Ukishamaliza hesabu, tuite tuombe pamoja. Maombi yetu hayana bei. Na mtaji ukiyumba, tafadhali njoo kwetu mapema, kabla hujashika mkopo wa kausha damu. Jumuiya haina fedha nyingi, lakini tuna kikoba chetu na watu wanaojua biashara. Usikae na mzigo huo peke yako kwa aibu.

Sasa naomba niwageukie wanajumuiya wenzangu mtakaosimama pale, maana baraka hii inatuhusu na sisi. Duka la mshirika mwenzetu mara nyingi hufa mikononi mwetu. Tunachukua unga kwa jina la Bwana, tunasema tutalipa mwisho wa mwezi, halafu tunaanza kupita njia ya nyuma ili tusionekane. Kisha Jumapili tunampa mkono wa amani! Ndugu zangu, ukikopa kwa Mama Upendo, andikwa kwenye daftari na ulipe siku uliyoitaja. Ukishindwa, nenda mwenyewe ukamwambie kabla hajakuuliza. Tusimwombe bei ya undugu. Atakayempenda kweli atanunua kwa bei iliyopo na kuhesabu noti mbele yake.

Nawe Mama Upendo, una ruhusa ya kusema hapana. Kumnyima mkopo mtu mwenye deni la zamani si kukosa upendo. Mwenye njaa kweli utamjua, na ukitaka kumsaidia, mpe kama zawadi ukiwa umeamua hivyo moyoni, usimwandike deni unalojua hatalilipa. Lile la daftari na lile la sadaka yasichanganyike.

Jumapili funga duka uje ibadani, kisha upumzike na watoto. Mzee wako na Upendo wamekubali kukushikia zamu jioni, waache wakushikie kweli. Afya yako ni kubwa kuliko mauzo ya saa mbili za usiku.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyempa mtumishi wako nguvu ya kuamka alfajiri miaka yote hii, asante. Tunauweka mlango huu mikononi mwako. Ubariki mikono itakayopima na midomo itakayotaja bei. Mlinde na wezi, na moto, na hofu, na tamaa. Wateja wakiwa wengi, mpe uvumilivu na ukweli. Wakiwa wachache, mpe utulivu, asijione mdogo mbele zako. Riziki ya nyumba yake mpe kwa kadiri unavyoona vema, na apate cha kumgawia jirani. Akipata faida akushukuru. Akipata hasara ajue bado ni mtoto wako, na sisi tubaki karibu naye. Utufanye sisi wateja waaminifu. Bwana akubariki, dada, akulinde kuingia kwako na kutoka kwako, tangu sasa na hata milele. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Tutafika saa mbili asubuhi. Usijisumbue na pilau. Chai tutakuja nayo sisi, na kila mmoja ameambiwa abebe kikapu na pesa taslimu.

Ndugu yako katika Bwana,
Mzee wa kanisa, kwa niaba ya jumuiya yako
Kihonda, Morogoro