Ripoti ya Kupima Ukubwa wa Jenereta ya Dharura: Hospitali ya Vitanda 120, Nakuru

Kwa: Msimamizi wa Hospitali na Kamati ya Majengo
Kutoka: Mhandisi mshauri wa umeme

Pendekezo

Nunueni jenereta moja ya dizeli ya kVA 250 (kW 200, kipimo cha kazi ya kuendelea), volti 415, hezi 50, pamoja na swichi mbili za chenjiova za kujiendesha, zinazohamisha mizigo kati ya stima na jenereta, na tangi la lita 2,500. Muuzaji mmoja alipendekeza kVA 400. Sikubaliani naye. Usiku hospitali hutumia takriban kW 62 tu, ambayo ni chini ya asilimia 20 ya mashine hiyo. Injini ya dizeli inayozunguka bila mzigo wa kutosha haipati joto lake: dizeli isiyoungua hujikusanya kwenye ekzosi, na mashine huchakaa mapema. Kwa kVA 250, mzigo huo wa usiku ni asilimia 31, kiwango kinachovumilika.

Mahitaji

Mita iliyowekwa kwenye bodi kuu kwa siku 14 ilionyesha kilele cha kW 138, sawa na kVA 157. Nimeongeza asilimia 20 kwa ajili ya wodi mpya, tukafika kVA 188. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini na upoozaji wa alteneta. Nimekata asilimia 10. Mtengenezaji athibitishe kwa maandishi kabla ya malipo. Kwa hiyo kVA 188 inadai mashine ya kVA 209, na saizi ya juu yake sokoni ni 250. Hapa kwetu itatoa kVA 225, yaani kW 180.

Hatua za kupokea mzigo

| Hatua | Mzigo | kW | Jumla |
|---|---|---|---|
| 1 | Upasuaji, mahututi, watoto wachanga, uzazi, benki ya damu, taa za dharura | 48 | 48 |
| 2, baada ya sekunde 15 | Kompresa ya mtambo wa oksijeni | 33 | 81 |
| 3, baada ya sekunde 30 | Pampu ya kisima, lifti | 20 | 101 |
| 4, baada ya dakika 1 | Wodi, kliniki, ofisi, autoklevu | 52 | 153 |

Jumla ya kW 153 inazidi kilele kilichopimwa kwa sababu vyote haviwaki pamoja. Hita za mashine za kufulia hazimo. Dobi atasubiri stima irudi.

Hatua ya 2 ndiyo yenye hatari. Mota ya kompresa ni kW 30 na hula ampea 53 ikiwa kazini, lakini ikiwashwa moja kwa moja huvuta karibu ampea 347, sawa na kVA 250. Volteji ingeshuka takriban asilimia 15, ambao ndio mpaka niliouweka, na vifaa vya mahututi vinatumia laini hiyohiyo. Kwa stata ya sta-delta, inayoanzisha mota kwa volteji iliyopunguzwa, mvuto wa kuanzia ni theluthi moja, kVA 83, na mshuko ni kama asilimia 6. Stata hiyo inagharimu kidogo mno ukilinganisha na kuongeza saizi ya jenereta, kwa hiyo ifungwe kwanza. Mitungi ya akiba itabeba oksijeni katika sekunde hizo za kusubiri.

Kubadili umeme

Swichi ya kwanza ni ya bodi ya dharura (hatua ya 1), ya pili ni ya mizigo mingine. Ile ya dharura iwe na njia ya kuipita, ili fundi aihudumie bila kuzima chumba cha upasuaji. Zote ziwe za nguzo nne, yaani zikate na nyutro pia, kwa sababu nyutro ya jenereta ina ethi yake. Injini ipewe amri baada ya sekunde 3, isije ikawaka kwa kila mpepeso wa stima, na bodi ya dharura ipate umeme ndani ya sekunde 10. Kiwango cha kimataifa cha umeme wa majengo ya tiba, IEC 60364-7-710, kinataka taa za upasuaji zirudi ndani ya sekunde 0.5, jenereta haiwezi, hiyo ni kazi ya UPS, kifaa cha betri kinachoshika mzigo papo hapo, na betri za UPS iliyopo zimechoka.

Stima ikirudi, mfumo ungoje dakika 15 kabla ya kurejea, kisha injini ipoe kwa dakika 5.

Mafuta

Nimekadiria lita 0.28 kwa kila kWh. Kwenye kilele ni lita 38.6 kwa saa. Kwa wastani wa kW 100 ni lita 28. Tangi likitoa lita 2,250, mtafika saa 58 kwenye kilele au saa 80 kwa wastani. Bohari ya Kenya Pipeline iko hapahapa Nakuru, kwa hiyo wiki nzima ya akiba ni pesa iliyolala. Lakini stima ilipokatika karibu nchi nzima Agosti 2023, baadhi ya maeneo yalingoja saa nyingi, na lori la mafuta usiku si la kutegemea. Saa 48 ndicho kima cha chini nilichokubali.

Tangi likae ndani ya ukuta wa kuzuia mwagiko wenye uwezo wa asilimia 110. Maji yaliyotuama chini yatolewe kila mwezi, siku ya jaribio: dakika 30, na mzigo halisi wa hospitali. Kuwasha injini tupu kwa dakika tano kila Jumatatu, kama ifanywavyo sasa, kukome.